Pima wiki yako kabla ya kuchora ratiba

Ratiba nyingi huchorwa Jumapili jioni na kufa kabla ya Ijumaa. Mtu anachukua karatasi, anapiga mistari, anajaza: kuamka saa kumi na moja, kazini saa moja, kusoma saa mbili usiku mpaka saa nne. Jumanne daladala inakawia, Jumatano mteja anakuja akiwa amechelewa na bado anataka nguo yake siku hiyohiyo, Alhamisi mtoto anaumwa tumbo. Karatasi inabaki ukutani, na mwenye karatasi anajilaumu kwamba hana nidhamu. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Alipanga wiki ambayo hana, kwa sababu hakuwahi kuitazama ile aliyonayo.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kupima. Siku saba mfululizo, saa 168, unaandika kila saa inakokwenda, bila kubadili chochote. Ratiba inakuja baadaye, na huenda ikawa fupi kuliko uliyotarajia. Nitaeleza hatua moja moja, na nitatumia mfano wa fundi cherehani anayeishi Mkolani na kufanya kazi kwenye kibanda chake Mkuyuni, hapa Mwanza, barabara ileile ya Kenyatta. Ana watoto wawili wanaosoma shule ya msingi. Anataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na amejiwekea lengo la kusoma saa 10 kwa wiki. Ratiba yake ya kusoma usiku imeshamshinda zaidi ya mara moja. Mfano huu nimeutunga, ila kila kilichomo kinafanana na mambo ninayoyaona kwa mafundi na wafanyabiashara wadogo wa mji huu.

Chagua wiki ya kawaida

Wiki ya msiba, ya harusi, ya Pasaka au ya kufungua shule haifai. Kwa fundi cherehani, Desemba ina nguo za Krismasi na Januari ina sare za shule, kwa hiyo ukipima miezi hiyo utapata picha ya msimu tu. Tafuta wiki ambayo ukiulizwa "mambo vipi?" ungejibu "kawaida tu".

Kuna watu wa ziwani ambao hawana wiki moja ya kawaida, na hili ni muhimu kwa yeyote anayeishi kwa dagaa. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta usiku, na mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauna nguvu tena, kwa hiyo siku za mbalamwezi wengi wao hupumzika. Mama anayenunua dagaa mwaloni na kuanika ana wiki mbili tofauti kabisa: wiki ya giza, anapoamka usiku wa manane kusubiri mitumbwi, na wiki ya mbalamwezi, anapofuatilia madeni na kutengeneza chanja. Mzunguko mzima wa mwezi ni siku 29 na nusu hivi. Huyu apime wiki mbili, moja ya giza na moja ya mbalamwezi, kisha achore ratiba mbili. Akipima moja tu, ratiba yake itakuwa sahihi nusu ya mwezi na uongo nusu nyingine.

Andika makisio kwanza

Kabla ya siku ya kwanza, kaa chini dakika kumi, andika unavyodhani saa zako 168 zinagawanyika. Usifikiri sana. Funga karatasi hiyo na uiweke mbali mpaka wiki iishe.

Fundi wetu aliandika hivi: kulala saa 56, kushona saa 60 (saa 10 kwa siku 6), kazi za nyumbani na watoto saa 21, safari saa 6, kanisa saa 4. Jumla ni 147. Zilizobaki 21 aliziandikia "zinapotea tu". Alichukua zile 21 akaona saa 10 za kusoma zinapatikana kwa urahisi.

Makisio haya yana kazi mbili. Kwanza, yatakuonyesha baadaye ni wapi hasa unajidanganya, maana watu hatukosei sehemu zote kwa usawa. Pili, yanakuzuia kusema mwishoni, "Haya nilikuwa nayajua."

Daftari na namna ya kuandika

Daftari dogo linaloingia mfukoni na kalamu vinatosha. Simu nayo inafaa kama huwa mkononi, lakini ina hatari yake: ukiifungua kuandika, unakuta ujumbe, na kipimo kinaharibu kinachopimwa. Kwa watu wengi mimi napendekeza karatasi.

Kanuni kuu ni moja: andika unapobadili kazi, wakati huohuo. Huhitaji kuandika ulianza saa ngapi na ukamaliza saa ngapi. Andika saa ya kuanza tu, kwa sababu mwanzo wa kazi inayofuata ndiyo mwisho wa iliyotangulia. Weka kengele ya simu ilie kila baada ya saa moja unapokuwa macho, ikukumbushe kama umesahau. Usisubiri usiku ukaze kichwa kukumbuka, nitaeleza sababu baadaye.

Saa ziandike unavyozitamka, yaani saa moja asubuhi iwe 1:00 asb., hata kama simu inaonyesha 7:00. Au andika zote kama simu inavyoonyesha. Chagua njia moja na usiichanganye na nyingine. Ukiwa umechanganya utajua wakati wa kujumlisha, maana katikati ya siku litatokea pengo la saa sita ambalo halina maelezo.

Jambo jingine ni siku inaanza lini. Kwetu "usiku wa kuamkia Jumanne" huwachanganya watu wakifika kwenye hesabu: wengine huuweka Jumatatu, wengine Jumanne. Kata siku saa kumi alfajiri, wakati wengi bado wamelala, na usingizi wote wa kabla ya hapo uwe wa jana. Anayefanya kazi usiku ziwani, au mlinzi wa zamu ya usiku, akate siku yake saa sita mchana.

Ukurasa wa Jumanne wa fundi wetu, asubuhi, unaonekana hivi:

11:10 alf. – kuamka, kuwasha jiko, chai ya watoto
12:05 asb. – kuoga, kuvaa
12:25 – kituoni, nasubiri daladala
12:40 – ndani ya daladala
1:10 – kufungua kibanda, kufagia
1:20 – kushona gauni la kitenge  | |
3:05 – mteja wa sare, kupima
3:25 – kushona  | | |
3:40 – umeme umekatika, nasubiri (na simu)
4:35 – umeme umerudi, kushona  |

Tazama mambo matatu katika ukurasa huu. La kwanza, kusubiri kumeandikwa kama kusubiri. Watu wengi wangeandika "safari" kuanzia kituoni na "kushona" kuanzia kibanda kilipofunguliwa mpaka mchana, na hapo wangekuwa wameshapoteza habari muhimu kuliko zote. La pili, zile alama | ni vijiti vya kukatizwa: mtu amepita kuuliza bei, simu imeita, jirani ameomba mkasi. Jambo la chini ya dakika kumi halihitaji mstari wake, lakini linastahili kijiti. Utavihitaji. La tatu ni yale maneno ndani ya mabano. Mara nyingi tunafanya mambo mawili kwa pamoja: unapika na kumsimamia mtoto anayeandika, unasubiri na kutazama simu. Andika kazi kuu, kisha ya pembeni kwenye mabano. Kujua ipi ni kuu, jiulize: ipi ikiondolewa ningenyanyuka na kwenda kufanya jambo jingine? Umeme ungerudi, fundi angeacha simu. Kwa hiyo kuu ni kusubiri.

Usiache kazi ya nyumbani kwa kuona si kazi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipoweka maswali ya matumizi ya muda katika utafiti wake wa nguvu kazi wa mwaka 2014, ilihesabu pia kazi zisizolipwa kama kuchota maji, kuokota kuni na kulea watoto. Daftari lako nalo lifanye hivyo. Kama unabeba ndoo tatu kutoka bombani kila asubuhi, zina saa zake, na ratiba isiyozijua itakuangusha asubuhi ya kwanza.

Na wakati wa kuandika, usijirekebishe. Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Ukishaona umeandika "simu" mara ya tatu, mkono unataka kuacha simu. Iache ikiwa umekwisha kutaka kuiacha, lakini usijilazimishe kuwa mtu mwema wiki hii. Unapima mtu uliye, siyo unayemtaka.

Dalili kwamba daftari linadanganya

Kila siku kabla ya kulala, jumlisha. Siku lazima ifike saa 24. Ikipungua, kuna mstari umeruka. Ukishindwa kukumbuka kilichokuwapo, weka alama ya kuuliza na uiache. Usijaze kwa kubahatisha, maana pengo lililojazwa kwa kubahatisha hujazwa kwa kile tunachopenda kuamini, na daima ni kazi nzuri. Alama za kuuliza zikizidi saa 10 kwa wiki nzima, chagua siku zilizo na mapengo makubwa uzipime upya wiki inayofuata, siku ileile ya juma.

Daftari lililojazwa usiku kwa kukumbuka lina sura yake, na ukilizoea utaitambua haraka. Saa zote ni kamili: 2:00, 4:00, 7:00. Hakuna 3:25. Vipande ni virefu na vichache, labda saba kwa siku nzima, wakati siku ya mtu wa kawaida ina ishirini au zaidi. Na neno "nasubiri" halipo hata mara moja. Kumbukumbu haihifadhi kusubiri, huunganisha kilichotangulia na kilichofuata kana kwamba katikati hapakuwa na kitu.

Dalili ya pili ni siku mbili za kwanza kuwa safi kuliko zinazofuata. Linganisha Jumatatu na Jumanne dhidi ya Alhamisi na Ijumaa. Kama saa za simu au za maongezi zimeongezeka mara mbili kuelekea mwisho, zile siku za mwanzo ulikuwa unajitazama kwenye kioo. Zitupe, uongeze siku mbili mwishoni. Kwa simu kuna njia ya kuhakiki: simu nyingi za Android zina sehemu ya Digital Wellbeing ndani ya Settings, na iPhone ina Screen Time, zinazoonyesha muda wa kila siku. Namba hiyo ikizidi sana ya kwenye daftari, simu imejificha ndani ya kazi nyingine. Rudi kwenye mabano uitafute. Mwenye kitochi hana tatizo hili kwa kiasi kikubwa.

Kujumlisha wiki

Wiki ikiisha, soma kurasa zote saba kwanza bila kalamu. Ndipo upange makundi, ukitumia maneno yaliyomo ndani ya daftari. Ukianza na makundi ya kukopa kama "kazi, familia, mapumziko", utalazimika kulitia kila jambo kwenye kapu lisilolifaa. Makundi manane mpaka kumi na mawili yanatosha. Zungushia kila mstari herufi ya kundi lake, jumlisha dakika za kila kundi, kisha badili jumla hiyo kuwa nusu saa za karibu. Kazi hii inachukua jioni moja.

Fundi wetu alipata hivi kwa wiki:

Kulala: saa 49 na nusu
Kushona, kukata, kupiga pasi, kupanga kibanda: saa 29 na nusu
Kazi za nyumbani na watoto: saa 29
Wateja (kupima, bei, kutoa nguo, picha za mishono kwenye WhatsApp): saa 10
Simu isiyo ya kazi: saa 10
Kusubiri: saa 9 na nusu
Safari ya nyumbani na kazini: saa 9
Kula, kuoga, kuvaa: saa 8
Kwenda Makoroboi kununua vifaa: saa 5 na nusu
Kanisa na jumuiya: saa 5
Haijulikani: saa 3

Jumla 168. Sasa ndipo anafungua karatasi ya makisio.

Usomaji wa kwanza: tofauti kubwa iko wapi

Aliandika kushona saa 60. Daftari linasema 29 na nusu. Ni rahisi kumwambia alijidanganya, lakini ukiunganisha kushona, wateja, Makoroboi, kusubiri umeme na wateja kibandani (saa 7 na nusu kati ya zile 9 na nusu), na simu aliyotazama akiwa kibandani (saa 6 na nusu kati ya 10), unapata saa 59. Alikuwepo kazini saa hizo kweli. Alichokosea ni kuita kuwepo kwake kushona. Kosa hili liko kila mahali, na mwenye duka, mwalimu au karani wa ofisi atalikuta vilevile kwenye daftari lake.

Kazi za nyumbani zilipita makisio kwa saa 8. Alisahau kufua Jumapili, kulikochukua zaidi ya saa nne, na alisahau kukaa na madaftari ya watoto. Na zile saa 21 "zinazopotea tu", ambazo ratiba yake yote iliegemea juu yake, hazipo. Zimegawanyika kwenye kazi za nyumbani, kula na kuoga, simu na kusubiri nje ya kibanda, na safari iliyokuwa ndefu kuliko alivyodhani. Alikisia nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Asubuhi ni kweli nusu saa. Jioni, daladala zinapojaa, ni saa nzima.

Usomaji wa pili: urefu wa vipande

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, na hapa ndipo wengi hawafiki. Jumla ya saa haikuambii kama saa hizo zinatumika. Saa tatu zilizokatwa vipande kumi na viwili vya robo saa haziwezi kufanya kazi ya saa tatu zilizoungana. Kusoma hesabu, kukata kitambaa cha suti, kuandika barua ya maombi, yote yanahitaji kipande kirefu. Kupiga simu, kushona kifungo, kujibu ujumbe vinaingia hata kwenye kipande kifupi.

Pitia daftari upya, na kwa kila kipande cha kazi yako kuu andika urefu wake pembeni. Kisha zungushia vilivyofika saa moja au zaidi na visivyo na vijiti zaidi ya viwili.

Kati ya saa 29 na nusu za kushona, fundi alipata vipande 8 tu vya saa moja au zaidi, jumla yake saa 13. Sita kati ya hivyo ni vya asubuhi, tangu kufungua kibanda mpaka saa tatu, wateja wakiwa hawajaanza kupita. Viwili ni vya alasiri. Saa 16 na nusu zilizobaki zimekatika vipande vya dakika ishirini, thelathini, na vijiti vimejaa kama miti ya uzio. Hii inaeleza jambo ambalo lilikuwa likimsumbua kwa muda mrefu: kwa nini gauni analolimaliza kwa saa mbili akianza saa moja na nusu asubuhi linamchukua kutwa nzima akilianza saa tano.

Kisha alitazama saa mbili mpaka saa nne usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, muda ambao ratiba zake zote za kusoma ziliwekwa. Kwenye daftari, saa hizo 10 zina kupika, kula, kuosha vyombo, madaftari ya watoto, na simu ya uchovu. Kipande kirefu kuliko vyote kisicho na kazi kilikuwa dakika 25, Alhamisi, na alikuwa amesinzia kitini. Ratiba ya usiku haikushindwa kwa uvivu wake. Haikuwa na mahali pa kusimama.

Usomaji wa tatu: nani anazishika saa hizi

Chukua kalamu ya rangi nyingine. Pembeni ya kila kundi andika ni nani au nini kinachoamua lini jambo hilo lifanyike. Shule inaamua watoto waamke saa ngapi. Daladala na foleni vinaamua safari. Umeme unajiamulia wenyewe. Kwa anayeanika dagaa, jua linaamua, na siku za mvua huongeza saa. Saa hizo ratiba yako haiwezi kuzihamisha, inaweza kuzizunguka tu.

Baki na zile ambazo mwenye kushika ni wewe. Kwa fundi wetu zilikuwa chache: kufua, mpangilio wa kushona asubuhi, baadhi ya simu, na Makoroboi.

Makoroboi inastahili kuangaliwa kwa undani. Alikwenda mjini mara nne, kila safari saa moja na dakika ishirini hivi, kwa zipu moja, uzi wa rangi fulani, mita mbili za bitana. Kwa nini mara nne? Ukimwuliza, atasema ndivyo kazi ilivyo. Daftari lilimjibu vingine, kwa sababu kabla ya kila mstari wa Makoroboi kulikuwa na mstari wa mteja. Mteja anatoa kianzio, fundi anakitumia papo hapo kununulia vifaa vya nguo hiyo. Tatizo lilionekana kama la muda, lakini chanzo chake ni mtaji. Akiwa na akiba ndogo ya zipu na nyuzi za rangi zinazotoka sana, na akiandika mahitaji mengine kwenye orodha, safari moja ya saa mbili Jumatano inatosha. Saa 3 na nusu zinarudi. Lakini lazima ieleweke kwamba upimaji umeonyesha tundu lilipo, fedha ya kulizibia inabidi itoke mahali pengine. Kama hana ya kununua akiba hiyo mwezi huu, basi ratiba ya mwezi huu isiandikwe kana kwamba anayo.

Saa za kusubiri zilimvutia kuliko zote, akataka kuziweka kitabu. Namshauri asifanye hivyo. Umeme uliokatika haumwambii utarudi lini, na mteja aliyesema "nakuja saa kumi" anaweza kutokea dakika yoyote. Hizo ni saa ambazo huwezi kuzama ndani yake. Ziwekee kazi za mkono: kukunja pindo, vifungo, kufumua mshono. Zikibeba kazi hizo, zinapunguza mzigo wa saa nyingine.

Ndipo sasa ratiba

Kwa ushahidi huo, ratiba ya fundi inabadilika sura kabisa. Kusoma kunatoka usiku na kwenda asubuhi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja na nusu mpaka saa tatu, kibandani, mlango ukiwa nusu wazi. Hizo ni saa 4 na nusu. Kushona kulikokuwa hapo kunahamia kwenye saa zilizookolewa Makoroboi na kwenye kazi za mkono anazofanya wakati wa kusubiri. Asubuhi za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi zinabaki za kukata vitambaa, kwa kuwa mkasi nao unahitaji kichwa kilichotulia. Jumapili alasiri, baada ya kufua, saa moja na nusu. Jumla saa 6.

Lengo lilikuwa 10. Hapa mtu hushawishika kuzitafuta zile 4 kwenye usingizi, na ndipo ratiba mpya inapoanza kufa kama ya zamani. Analala saa saba na dakika chache kwa usiku, kasoro karibu saa nzima ya alivyodhani. Hapo hapakatwi. Kinachopungua ni lengo: apunguze idadi ya masomo anayoyabeba kwa wakati mmoja, au aongeze miezi ya maandalizi. Uamuzi huo ni mchungu, lakini ni afadhali aufanye sasa kuliko miezi michache kabla ya mtihani.

Acha pia nafasi tupu. Jumlisha zile saa za kusubiri na zisizojulikana, na hakikisha ratiba mpya haizitegemei kwa lolote zaidi ya zile kazi za mkono. Kwake ni saa 12 na nusu. Wiki itakuja kuzidai kwa jina jingine, na zikiwa zimeshapangiwa kazi nyingine, kitakachotupwa cha kwanza ni kusoma.

Mwezi mmoja baada ya kuanza, pima tena siku mbili tu, moja ya kusoma na moja isiyo ya kusoma, kwa daftari lilelile. Ukiona zile asubuhi tatu zimeanza kupata vijiti vitatu, vinne, wateja wameshajua kuwa kibanda kinafunguliwa mapema: funga mlango wote, au hamishia kusoma kabla ya kufungua. Na shule zikikaribia kufunguliwa Januari, weka ratiba hii pembeni upime wiki moja nzima upya, maana msimu wa sare una wiki yake.